Maji matupu yanaponuka gongo: joto la oveni, ujazo wa kichupa na masalia ya sampuli

*Shikamoo mzee wangu. Mimi ni fundi sanifu wa maabara hapa Tanga. Tunapima methanoli kwenye gongo na tembo la mnazi kwa kromatografia ya gesi yenye hedispesi. Kichupa cha mililita 20 nakijaza 15 za sampuli, oveni nyuzi 90 kwa dakika 10, presha ya kichupa kPa 100. Sampuli moja nikiirudia mara tatu napata majibu matatu. Maji matupu yakifuata gongo yanatoa kilele cha ethanoli, na siku nyingine hata cha methanoli. Nipandishe joto au nijaze zaidi ili vilele viwe vikubwa na imara? Na nitajuaje kama haya ni masalia ya sampuli iliyotangulia?*

Marahaba, mwanangu. Usipandishe na usijaze. Fanya kinyume chake: shusha oveni hadi nyuzi 60, tia mililita moja tu kwenye kichupa, na hiyo mililita iwe ya gongo lililokwisha kuzimuliwa kwa maji mara 20. Najua inasikika kama kumwambia mpishi apunguze moto na viungo halafu chakula kikolee. Nipe nafasi nikueleze, maana mambo yako matatu unayaona kama matatizo matatu na mimi naona ugonjwa mmoja.

Tuanze na kinachotokea ndani ya kichupa baada ya kukifunga. Pombe iko kwenye maji, na juu ya maji kuna hewa. Ukipasha moto, sehemu ya pombe inapanda hewani, nyingine inarudi majini, mpaka idadi ya wanaopanda ilingane na ya wanaoshuka. Hapo ndipo msawazo ulipo, na sindano yako inachota hewa ile, haigusi maji. Kiasi cha kitu kilichomo hewani tunakipata hivi:

```
C_G = C_0 / (K + β)
```

`C_0` ni kiasi kilichokuwemo kwenye sampuli tangu mwanzo. `K` ni ubishi wa kitu kutoka majini: kiasi kilichomo majini gawanya kwa kiasi kilichomo hewani. `β` ni ujazo wa hewa gawanya kwa ujazo wa kimiminika. Fomula nzima ni hiyo, na maswali yako ya joto na ujazo yamo ndani yake.

Ethanoli na maji ni ndugu wa toka nitoke. Kwenye nyuzi 60 `K` ya ethanoli majini ni kama 510, yaani kwenye kila mililita ya maji kuna ethanoli mara 510 ya ile iliyomo kwenye mililita ya hewa. Methanoli haiko mbali na hapo. Sasa weka mililita 1 kwenye kichupa cha 20: hewa ni 19, `β` ni 19, na chini ya mstari unapata 529. Weka 15: hewa ni 5, `β` ni theluthi moja, na chini ya mstari unapata 510 na kidogo. Umeongeza sampuli mara 15, umevuna chini ya asilimia 4. Kijana aliyekufundisha kujaza ili kilele kikue huenda alikuwa amezoea kupima kitu kingine.

Na nadhani nakijua. Chukua maji ya kisima yaliyovujiwa na petroli ya kituo cha jirani. Tolueni haipendani na maji. Kwenye nyuzi 60 `K` yake ni kama 1.8 tu. Ukitia mililita 1, chini ya mstari unapata karibu 21. Ukitia 10, unapata 2.8. Hapo kilele kinakua mara saba na nusu, na kujaza kuna maana kweli. Ila kwa tolueni hiyohiyo, mkono ukitetemeka kwenye pipeti unalipa kwa jibu bovu, wakati kwa ethanoli ukitia 1.1 badala ya 1.0 jibu linasogea kama theluthi moja ya asilimia. Kwa hiyo kabla hujauliza nijaze kiasi gani, jiulize kwanza ninachopima kinapenda maji au kinayakimbia. Kinachoyapenda, ujazo haukisaidii. Kinachoyakimbia, joto ndilo halikisaidii sana.

Joto ni upande wa pili wa shilingi hiyo. Kwa ethanoli, `K` inashuka kutoka kama 1,355 kwenye nyuzi 40 hadi 510 kwenye 60 na kama 215 kwenye 80. Yaani kutoka 60 kwenda 80 kilele kinakua zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana nyuzi 90 zilikuvutia. Lakini isome hesabu hiyohiyo kwa jicho la mhakiki: kati ya 60 na 70, kila nyuzi moja inabadilisha kilele kwa asilimia 4 hadi 5. Oveni yako ikiwa na tundu moja lililo baridi kuliko jirani yake kwa nyuzi moja, majibu mawili ya sampuli moja yanaachana kabla hujakosea chochote kwa mkono. Joto lolote utakalochagua, kinachotakiwa ni lilelile kwa kila kichupa na lifike mpaka katikati ya kimiminika.

Kwa dakika 10, kichupa chenye mililita 15 hakifiki. Kioo kinene, maji mengi, hakitikiswi: pembeni kumepata moto, katikati bado. Halafu pombe iliyo chini ya safu ndefu ya maji inabidi isafiri hadi juu ndipo itoke. Kichupa cha kwanza unakichoma msawazo ukiwa nusu njia, cha pili kikiwa kimekaa sekunde kadhaa zaidi, cha tatu kilikaa karibu na feni ya oveni. Majibu matatu. Mililita moja inatanda chini ya kichupa kama uji kwenye sahani pana, na kwa kutikiswa kwenye nyuzi 60 huwa imetulia ndani ya dakika 15 au 20. Usiniamini mimi, andaa vichupa sita vya stendadi ileile, yaani myeyusho ambao kiasi cha pombe yake unakijua, uvipe dakika 5, 10, 15, 20, 30 na 40, kisha chora eneo la kilele dhidi ya muda. Mstari utapanda halafu ulale. Chagua muda ulioko ndani kidogo ya sehemu iliyolala, sio pale unapoanza kulala.

Sasa tufike kwenye presha, maana hapa ndipo ugonjwa wako ulipolala.

Gongo la asilimia 40 linachemka kwenye nyuzi kama 83 au 84. Wewe umeliweka 90 ndani ya kichupa kilichofungwa, yaani unapika kitu juu ya kiwango chake cha kuchemka na mfuniko umekazwa. Tuhesabu kwa makadirio. Hewa uliyoifungia ndani kwa nyuzi 25 ikipashwa hadi 90 inafika kama kPa 123. Kimiminika nacho kinavimba kwa joto na kuibana hewa chache uliyoiacha, kwa hiyo ongeza kidogo. Mvuke wa pombe na maji unaleta kama kPa 130 nyingine. Ukiondoa angahewa ya nje, ndani ya kichupa mna presha ya zaidi ya kPa 150. Na mashine yako umeiambia ikijaze kichupa gesi hadi kPa 100.

Unaona kinachofuata? Mashine za aina yako, zenye vali na lupu, kile kijibomba kinachoshika kipimo cha mvuke, zinafanya kazi kwa kudhani kwamba gesi mbebaji itaingia kichupani kwanza, ikisukume kilichomo hadi presha uliyoipanga, ndipo vali ifunguke na kichupa kiteme kuelekea kwenye lupu. Sindano yako inapotoboa septa, kile kizibo laini cha mfuniko, kichupa ndicho kina nguvu zaidi. Kinatema palepale, kwa njia isiyo yake, kuelekea kwenye mrija wa gesi safi. Mvuke wa gongo unaingia kwenye bomba ambalo kazi yake ni kuleta gesi safi kwa vichupa vyote vinavyofuata. Bomba hilo halina joto la kutosha, mvuke unaganda kuwa matone, na kichupa cha maji matupu kinachofuata kinajazwa gesi iliyopita juu ya matone hayo. Ndiyo ethanoli unayoiona kwenye maji. Na kwa kuwa kila kichupa kinatema kiasi tofauti kabla ya wakati, ndiyo pia sababu ya pili ya majibu kuyumba. Angalia vilele vyako vya ethanoli kwa karibu: vikiwa na bega mbele, au pacha wawili wamebanana, huo ni mvuke ulioanza safari mapema na mwingine ulioifuata.

Juu ya hayo, mililita 15 kwenye kichupa cha 20 zinaifanya sindano isimame karibu sana na uso wa kimiminika. Kikichemka na kurusha matone, sindano inalamba. Tone moja la gongo ni zigo kubwa kuliko mvuke wa vichupa kadhaa, na likishaingia kwenye vali utalifua siku nzima. Mimi sijazi kupita nusu ya kichupa kwa sampuli yoyote, hata ya petroli.

Fanya hesabu ileile kwa ninachokushauri. Gongo la asilimia 40 likizimuliwa mara 20 linabaki na asilimia 2. Kwenye nyuzi 60, hewa imefika kPa 113, mvuke wa maji kama 20, wa ethanoli ni wa kuokoteza. Juu ya angahewa unabaki na kPa 35 hivi. Presha yako ya kPa 100 sasa inatawala, gesi inaingia inakotakiwa, na kila kichupa kinatema kwa zamu yake. Ukiwahi kulazimika kupandisha joto, kwanza jiulize presha ya ndani itakuwa ngapi, kisha panga ya mashine iwe juu yake kwa nafasi ya kutosha. Na oveni ikae angalau nyuzi 10 chini ya kiwango cha kuchemka cha kimiminika chako.

Najua unataka kuuliza: nimezimua mara 20 na joto nimelishusha, methanoli nitaiona? Utaiona. Tuseme gongo lina methanoli nusu asilimia kwa ujazo. Baada ya kuzimua ni kama gramu 0.2 kwa lita. Kigunduzi cha mwali kinaiona hiyo bila kukunja uso, hata kwa mgawanyo wa 1 kwa 10 pale kwenye mlango wa kolamu. Kuzimua kunakupa na faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Pombe nyingi kwenye maji inabadilisha tabia ya maji yenyewe: methanoli ndani ya asilimia 40 ya ethanoli haina `K` sawa na methanoli ndani ya maji. Stendadi uliyoitengeneza kwenye maji matupu haimwakilishi gongo kali hata kidogo. Ukizimua, gongo la kila mtu linakuwa karibu maji, na `K` inakuwa karibu moja kwa wote. Stendadi zako nazo zitengeneze kwenye maji yenye ethanoli asilimia 2.

Namna ninavyofanya: natia mililita 0.5 za gongo kwenye chupa ya kipimo ya mililita 10, najaza hadi alama kwa maji yenye stendadi ya ndani, yaani kitu kisichomo kwenye sampuli ninachokitia kwa kiasi kilekile kila mahali ili nilinganishe vilele nacho, natikisa, kisha mililita 1 inakwenda kichupani na kifuniko kinabanwa palepale. Usahihi wako wote uweke kwenye ile 0.5, kwa sababu hapo kosa halisamehewi. Kwenye ile mililita 1 ya mwisho, kama tulivyoona, mbinu yenyewe inakusamehe. Februari hapa Tanga chumba kikifika nyuzi 32, usiache chupa za gongo wazi mezani huku ukihangaika na lebo. Fungua, chota, funga.

Stendadi ya ndani usiige ya hospitali. Wanaopima pombe kwenye damu wengi hutumia n-propanoli, na kwa damu ni sawa kabisa. Lakini chachu inayotengeneza gongo na tembo inatengeneza na n-propanoli kidogo. Ukiitumia, kilele cha stendadi ya ndani kinakuwa kimeongezewa na sampuli yenyewe, na methanoli yako inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Kwa kitu tunachotafuta, kosa la upande huo ndilo baya zaidi. Mimi natumia tert-butanoli, ile yenye matawi, na kabla ya kuiamini napitisha tembo na gongo bila kuitia ili nihakikishe mahali pake pako wazi. Angalia pia asetaldehidi. Tembo lililolala linayo, na kwenye kolamu nyingi inatoka jirani na methanoli. Ukiona kilele cha methanoli kwenye tembo la mnazi, kithibitishe kwenye kolamu ya pili yenye tabia tofauti kabla hujaandika chochote. Utomvu wa mnazi hauna pektini ya kutosha kuzaa methanoli ya kutisha. Ingekuwa pombe iliyochachushwa pamoja na maganda ya machungwa ya Muheza ningeshtuka kidogo tu, kwa sababu pektini ya maganda ndiyo inayoachia methanoli.

Tembo lina fitina yake nyingine: halijaacha kuchachuka. Gesi ya chachu inaendelea kutoka, na ukilifunga kichupani linajitengenezea presha yake bila kukuomba ruhusa. Lilete maabara kwenye barafu, likoroge polepole likiwa baridi mpaka povu litulie, kisha zimua. Kuzimua mara 20 kunaipunguza chachu pia, na hilo linatosha kwa kazi ya siku moja.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo kwa kweli ndilo bora kuliko yote: utajuaje kuwa ni masalia? Blanki, yaani kichupa cha maji matupu, ikiwa moja tu yenye kilele haikuambii. Ethanoli ni kitu kinachozagaa. Niliwahi kukaa wiki nzima nikifungua vali ya mashine, nimebadilisha sindano, nimechoma kolamu usiku kucha, na ethanoli kwenye blanki haitikisiki. Ijumaa nikamwona msaidizi anajipaka kitakasa mikono, anasubiri sekunde mbili, anachukua vichupa na kuvifunga. Tulikuwa tunafungia hewa ya viganja vyake. Mashine ilikuwa haina kosa lolote.

Kwa hiyo usitazame blanki, tazama blanki zinavyofuatana. Pitisha stendadi yako kali kuliko zote, halafu blanki tatu za maji mfululizo, vichupa vitatu tofauti. Masalia yanapungua: kila gesi safi inayopita inaosha sehemu ya yaliyobaki. Uchafu wa hewa, wa maji au wa septa haupungui, kwa sababu unaingia upya na kila kichupa. Tuseme stendadi imetoa eneo la 900,000. Blanki zikitoa 5,400, kisha 410, kisha 30, hayo ni masalia, na kwa lugha ya ripoti ni asilimia 0.6 kwenye blanki ya kwanza. Zikitoa 1,900, 2,050, 1,870, iache mashine, kamkamate mwenye kitakasa. Na zikitoa 6,900, 2,300, 1,950, una vyote viwili: masalia yaliyoshuka hadi kwenye sakafu ya uchafu wa hewa. Usitoe ile sakafu kwa hesabu ukajiona umemaliza. Iondoe kwenye chumba.

Kuitafuta sakafu ni rahisi. Funga kichupa kitupu nje, upande wa upepo wa bahari, mbali na mlango wa maabara. Funga kingine kitupu mezani pako. Kingine kiwe na maji. Kisha washa kolamu bila kuchoma kichupa chochote. Kilele kikiwepo bila kichupa, kimetoka kwenye mashine au gesi. Kikiwepo kwenye kichupa cha mezani na kisiwepo cha nje, ni hewa ya chumba. Kikizidi kwenye cha maji, ni maji yako. Na maji yaliyokenekwa na kutunzwa kwenye dumu la plastiki kando ya kabati la viyeyusho yananusa kila kitu kilichomo kabatini.

Ikithibitika ni masalia, tafuta yanapolala. Mvuke unaganda mahali palipo baridi kuliko ulikotoka, kwa hiyo njia nzima iwe inapanda joto kama ngazi: oveni 60, vali na lupu 75, bomba la kupeleka mvuke kwenye kolamu 90 au 100, mlango wa kolamu 150 au zaidi. Tatizo ni kwamba kioo cha mashine kinaonyesha joto la pale kipimajoto kilipo, na hakioni ile sentimita tano ambapo bomba linatoka kwenye koti lake la joto na kuingia kwenye nati ya kolamu. Hapo ndipo kiyoyozi cha chumba hupenda kupuliza. Jaribio lake ni dogo: pandisha bomba nyuzi 20, rudia stendadi kali na blanki tatu. Blanki ya kwanza ikishuka sana, baridi ilikuwa bombani. Lifunge vizuri kwa kitambaa cha kuzuia joto na ugeuze mdomo wa kiyoyozi. Isiposhuka, shuku sindano na vali. Sindano inayotoboa mamia ya septa hukusanya vipande vidogo vya raba ndani yake, na raba hunywa pombe na kuitema taratibu. Ibadilishe, usiichokonoe kwa waya. Hakikisha na septa zenyewe zimewekwa upande wa tefloni ukitazama sampuli. Nimeziona zimegeuzwa, silikoni ikitazama chini, mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema.

Kwa mashine yako, kwa sababu mrija wa gesi umekwisha kunywa gongo, kushusha joto la oveni peke yake hakutatosha siku ya kwanza. Acha gesi ipite kwenye sindano, vali na lupu kwa mkondo mkubwa, vali ikiwa kwenye joto lake la juu linaloruhusiwa, usiku mmoja. Asubuhi pitisha vichupa vitano vya maji kabla ya kitu kingine. Baadaye, weka dakika moja ya kuosha kwa gesi baada ya kila sampuli. Inachelewesha kazi kidogo na inafaa kila sekunde.

Utajiuliza pia masalia kiasi gani yanavumilika. Sheria yangu mwenyewe: kilele cha methanoli kwenye blanki inayofuata stendadi kali kisizidi moja ya tano ya kilele cha stendadi yako dhaifu kuliko zote. Kikizidi, hakuna jibu dogo la siku hiyo ninaloliandika. Na kila kielelezo chenye methanoli nyingi nakifuatisha blanki mbili, kisha narudia sampuli iliyokuwa nyuma yake kwa kichupa kipya. Kuna siku tembo la bibi mmoja wa kijijini lilitoka na methanoli, na kosa lake pekee lilikuwa kupangwa nyuma ya chupa iliyokuwa imechanganywa spiriti ya viwandani. Niliporudia kichupa kipya likiwa la kwanza kwenye foleni, halikuwa na kitu. Laiti ningesaini karatasi ya kwanza, bibi yule angejieleza kwa nani?

Umeme ukikatika katikati ya foleni, vichupa vilivyokuwa ndani ya oveni vitupe, hata kama ulikuwa dakika mbili tu. Vimepoa na kupashwa tena, muda wao umevurugika, na septa iliyopata moto mara mbili hulegea. Vilivyokuwa bado kwenye trei havina neno.

Anza na lile jaribio la vichupa sita vya muda tofauti kwenye nyuzi 60, ukimaliza pitisha stendadi kali na blanki tatu. Niandikie maeneo ya hizo blanki tatu kama yalivyo, usiyakadirie.